Staki moja au mbili kwa hesabu zenye mabano?

Unapoandika programu ya kukokotoa hesabu iliyoandikwa kama maandishi, unahitaji staki, yaani rundo ambalo kilichowekwa mwisho ndicho hutoka kwanza. Kama hesabu ina kujumlisha, kutoa na mabano tu, staki moja inatosha. Unabeba jumla inayoanzia 0, pamoja na ishara ya namba inayofuata. Chukua `10-(4-(2+1))`. Ukifika bano la kwanza, jumla ni 10 na ishara ni kutoa. Unaviweka vyote viwili kwenye staki, kisha unaanza upya na 0. Bano la pili linahifadhi 4 na kutoa. Ndani kabisa unapata 3. Bano likifungwa, unatoa ulichoweka mwisho: 4-3 ni 1. La nje likifungwa: 10-1 ni 9. Hata `-(3+2)` inapita bila shida, maana jumla ilishaanza na 0.

Ikiingia kuzidisha, njia hiyo inakwama. Hapo ndipo staki mbili zinapofaa, moja ya namba na moja ya alama. Kabla ya kuweka alama mpya, unakokotoa zilizo juu ya staki zenye nguvu kubwa au sawa nayo, ukikomea kwenye bano lililo wazi. Hilo neno “sawa” ndilo linalowaponza wengi: ukiliacha, `8-3-2` inatoa 7 badala ya 3, kwa kuwa 3-2 inatangulia. Na `-(3+2)` sasa inadai kazi ya ziada, kwani alama ya kutoa inakuta namba moja tu.

Kwenye usaili, mimi huuliza kwanza kama kuzidisha kumo. Kama hakumo, sihangaiki na staki mbili.