Bunduki ya upepo kwa mkazi wa Tanga: springi, pampu au mtungi?

Mfugaji wa kuku wa Tanga anayetaka bunduki ya upepo huwa na maadui wawili: kunguru wanaonyakua vifaranga na panya wa stoo ya mahindi. Jioni anapenda pia kulenga shabaha ya karatasi. Nitapanga aina tatu kwa kumfikiria mtu huyo, anayepiga umbali wa mita 20 hivi, ndani ya uwanja wake. Kabla ya kulipa chochote, pita kituo cha polisi uulize kuhusu kibali, maana hii ni silaha na muuzaji hatakubebea kesi.

Ya kwanza kwangu ni ya springi, ile ya kukunja mtutu. Ukiukunja, springi nzito inabanwa nyuma ya pistoni. Ukifyatua, pistoni inaruka mbele na kuugandamiza upepo unaosukuma risasi. Haihitaji pampu wala mtungi, na kila ukikunja unapata nguvu ileile. Chukua ya milimita 5.5 yenye nguvu ya jouli 16 hivi. Risasi yake ya gramu moja hutoka kwa kasi ya karibu mita 180 kwa sekunde, na kwa mita 20 inatosha kabisa kwa kunguru au panya ukimpiga kichwani. Milimita 4.5 ina risasi nyepesi na za bei nafuu, hivyo inawafaa zaidi wanaolenga karatasi tu.

Ugumu wa springi uko mikononi mwako. Pistoni inapokimbia bunduki inarudi nyuma, na inapogota mbele inasukumwa mbele, yote hayo risasi ikiwa bado mtutuni. Ukiikaba kwa nguvu, au ukiilaza moja kwa moja juu ya ukuta, risasi zitatawanyika. Ilaze juu ya kiganja kilicho wazi, kitako kiguse bega kidogo tu, uiache itikisike yenyewe, na kila mara uiweke mahali palepale. Wengi huiuza bunduki nzima wakidhani mtutu umepinda, kumbe ni mshiko.

Ukinunua iliyotumika, piga risasi tano kwenye karatasi kwa mita 20. Zikikusanyika ndani ya eneo la kisoda, chukua. Sauti ya waya unaotetemeka baada ya mlio inaonyesha springi imelegea au haina grisi. Moshi na mlio mkali kila risasi ni mafuta yanayowaka mbele ya pistoni, na hayo huunguza sili. Usiifyatue bila risasi, kwa sababu hapo pistoni inagonga chuma bila mto wa upepo. Na kwa chumvi ya hewa yetu, pitisha kitambaa chenye mafuta mepesi juu ya chuma kila ukimaliza kuishika.

Ya pili ni ya pampu ya mkono iliyojengwa humo humo, unayoipiga mara tatu hadi nane kabla ya kila risasi. Haitikisiki kama springi, na unachagua nguvu: pampu chache kwa panya ndani ya stoo, nyingi kwa kunguru juu ya mnazi. Kunguru lakini hakusubiri. Akikuona unapampu, amekwenda, na wenzake watakukumbuka. Sili zikizeeka, upepo unavuja taratibu na risasi zinaanza kupiga chini.

Ya mtungi, inayojazwa upepo wa bar 200 au zaidi, ndiyo inayolenga vizuri kupita zote, na mashindano ya mita 10 leo hutumia aina hiyo. Nimeiweka ya tatu kwa sababu ya kujaza tu. Mtungi wa ujazo wa mililita 200 ukishuka hadi bar 100, unahitaji lita 20 za upepo wa kawaida kurudi bar 200. Kwa pampu ya mkono hiyo ni kazi ya jasho, na unyevu wa pwani huingia na kuula mtungi kwa ndani. Ukiwa na mtungi wa wapiga mbizi wa lita 12, kujaza huko kunaushusha chini ya bar mbili, na hapo mpangilio wangu unageuka: chukua hii. Usijaze oksijeni kamwe, wala usitie mafuta ya kawaida kwenye sili zake, kwani yanaweza kulipuka; tumia grisi ya silikoni.

Mtazame ndege kabla ya kufyatua. Kunguru msumbufu, aliyeletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, ana shingo ya kijivu. Yule mwenye kifua cheupe ni wa hapa hapa, mwache. Na usipige juu ambako huoni kitu cha kuizuia risasi, maana itavuka ukuta hadi kwa jirani.