TAHADHARI: Begi la baketi la "ngozi halisi" linalouzwa kwa picha. Ulizeni vipimo hivi kabla ya kutuma hela

Wapendwa mnaonunua mikoba kwa picha, someni hapa kwanza. Kuna wauzaji Instagram na kwenye magrupu ya WhatsApp wenye ujanja uleule mmoja, ila jina la ukurasa linabadilika kila baada ya muda na sehemu ya maoni imefungwa. Picha ni ya begi la baketi, lile la umbo la ndoo lenye kamba ya kukaza mdomoni. Rangi yake ya karanga, limesimama wima lenyewe, pete zinang'aa kama dhahabu. Maelezo ni mstari mmoja: "Ngozi halisi, upana sm 28, kimo sm 26, mkanda sm 90. Lipia kwanza, mzigo ukitoka haurudi."

Ukipokea mzigo ukachukua futi, utakuta namba zote ziko sawa. Ndiyo maana hata ukilalamika anakujibu kwa ujasiri.

Tuanze na hiyo 28. Kitako cha baketi ni duara. Muuzaji analilaza begi mezani, analibonyeza mpaka linakuwa bapa kama chapati, kisha anapima ukingo hadi ukingo. Ukilijaza na kulisimamisha, zile pande mbili zinarudi kuwa duara. Mzingo wake ni 28 mara mbili, yaani 56. Gawa kwa 3.14 upate kipenyo: hakifiki hata 18. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21, kwa hiyo faili la ofisini haliingii mpaka ulikunje. Aliyenunua akijua atabebea makaratasi ya kazini ameambulia begi la simu, pochi na chupa ya maji. Swali la kumuuliza muuzaji wa baketi ni moja tu: kipenyo cha kitako ni sentimita ngapi? Anayejua kazi yake anakujibu palepale. Anayekuzungusha na "ni saizi ya kati dada" hajawahi kulipima, au amelipima na hataki ujue.

Mkanda nao una hesabu yake. Hiyo 90 ni mkanda ukiwa umenyooshwa wote, pete hadi pete. Mwilini kinachohesabika ni mshuko: nyanyua mkanda katikati, begi lining'inie, halafu pima kutoka juu ya mkanda hadi mdomo wa begi. Mkanda wa 90 ukiwa umefungwa pande mbili za mdomo unatoa mshuko wa 44 hivi. Kwa kuvaa kukatisha kifua, wengi wanahitaji kati ya 50 na 60 ili begi litulie nyongani. Kwa 44 linapanda mbavuni. Sacheli ingevumilika hapo, kwa kuwa ni bapa na mgongo wake unalala kwenye mwili. Baketi ni nene kama mtungi, linakusukuma mkono kwa nje siku nzima, na ukilihamishia bega moja ni refu kupita kiasi, linakugonga pajani kila hatua.

Sasa hiyo "ngozi". Msihangaike na video ya kiberiti, moto unapitishwa upesi na hakuna kitakachoungua. Ombeni picha ya karibu ya ukingo uliokatwa, kwa mfano pale ncha ya mkanda inapoishia. Ngozi ikikatwa inaonyesha nyuzinyuzi zilizoshikana, kama sufi iliyobanwa. Reksini inaonyesha tabaka: utando wa plastiki juu, kitambaa chini. Ukingo ukiwa umepakwa rangi nzito pande zote, ombeni picha ya ndani ya kitundu cha mkanda, huko rangi haifiki. Reksini si dhambi, ina wateja wake na bei yake. Kosa ni kuuzwa kwa bei ya ngozi, tena kwa watu wa Dar, Tanga na Mombasa ambako joto na unyevu vinaumega ule utando mpaka unabanduka vipandevipande, hata begi likiwa limekaa kabatini bila kutumika.

Ubaya mkubwa zaidi umejificha chini ya bitana. Baketi moja la aina hii lilipofumuliwa, kitako kilikuwa kadibodi nyembamba kama ya boksi la viatu, haikushonwa popote, imegandishwa kwa gundi tu. Ikilowa mara moja inavimba katikati, na begi halisimami tena. Kwenye picha lilisimama kwa sababu lilijazwa magazeti. Pale mkanda unapoungana na begi kulikuwa na ulimi wa reksini uliokunjwa na kubanwa kwa ribiti moja, bila kipande cha kuimarisha nyuma yake. Chupa ya nusu lita, simu, pawabenki na mwavuli vinakaribia kilo moja na nusu. Uzito huo ukining'inia kwenye matundu mawili tu, moja kila upande, reksini inachanika polepole kuizunguka ribiti, kisha siku moja inaachia. Ulimi wa kuaminika una ribiti mbili, au mshono wa mraba wenye msalaba katikati.

Pete za D zilikuwa waya uliopindwa, ncha mbili zimekutanishwa bila kuchomelewa. Ukiangalia kwa karibu unaona mwanya mwembamba kama unywele. Begi likijaa mwanya unapanuka, na ulimi unateleza ukatoka. Dhahabu yenyewe ni rangi tu juu ya chuma: sumaku ya mlango wa friji ilinasa palepale. Pete za shaba njano au zinki hazinaswi na sumaku. Hilo halithibitishi kuwa ni nzuri, maana zinki ya ovyo nayo hukatika, lakini pete inayonaswa, upepo wa bahari utaitia kutu na kutu itachafua nguo.

Mdomoni, hesabuni vitundu vya kamba. Vinatakiwa kuwa idadi shufwa, mara nyingi 8, ili ncha zote mbili za kamba zitokee nje. Hili lilikuwa na 7, kwa hiyo ncha moja imefungwa fundo kwa ndani na mdomo unakaza upande mmoja tu.

Wauzaji haohao wanachezea na majina. Toti ni begi la mdomo wazi lenye mishikio miwili sambamba, na ili lipite begani mshuko uwe 22 hadi 28. Wao wanauza la mshuko wa 14, ambalo ni la kushika mkononi tu. Sacheli iwe na kitako bapa, kifuniko kinachoshuka mbele na mshikio juu. Siku hizi pochi yoyote yenye kifuniko wanaiita sacheli. Klachi (si ya gari) kwa kawaida haina mkanda, inashikwa au inabanwa kwapani, hivyo ulizeni unene wake ikiwa na simu ndani, maana nyingine hazifungi.

Akikubali oda, mwambie akupigie video bila kukata: atoe magazeti yote, alisimamishe tupu, aweke futi kwenye kitako, anyanyue mkanda na kuupima, kisha asogeze kamera kwenye pete moja. Haizidi dakika mbili. Malipo yawe mkononi mwa bodaboda baada ya kufungua na kupima. Akisema sharti ulipe yote kwanza, achana naye, na picha hiyohiyo ukiiona kesho kwenye ukurasa wenye jina jingine usishangae.