WebODM na QGIS kwenye shamba la korosho lililoungua: uzoefu wangu

Mwezi Julai moto wa kuandaa shamba ulitoka kwa jirani ukaingia kwenye korosho za baba mkubwa, wilayani Masasi. Shamba ni ekari sita, mikorosho mia moja hamsini na ushee. Ukisimama ukingoni unaona mistari miwili iliyokauka, basi. Huko ndani ni majani juu ya majani. Baba mkubwa alikuwa anasema nusu ya shamba imekwenda, na mzee jirani anasema ni mikorosho kumi tu. Kabla hawajafika kwa mtendaji wa kijiji, niliomba tuihesabu mikorosho kutoka juu.

Ninachokieleza hapa ni programu mbili za bure nilizozitumia, WebODM ya kuunganisha picha na QGIS ya kupima rangi. Droni ilikuwa ya kawaida, ya kijana anayepiga picha za harusi ambaye ana kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Kamera yake inaona rangi zilezile tunazoziona sisi, yaani nyekundu, kijani na bluu. Kile kipimo maarufu cha afya ya majani, NDVI, kinataka kamera inayoona mwanga wa infraredi, kwa hiyo mwenye droni ya namna hii akikuuzia ramani ya NDVI, muulize kamera yake ni ipi kabla hujatoa hela.

Kurusha kwenyewe hakukuchukua muda. Droni ilikaa mita 60 juu, kamera ikitazama chini moja kwa moja na kurekodi video, ikaenda na kurudi kama mtu anayelima matuta, mstari na mstari ukiachana mita 25, mwendo wa mita tano kwa sekunde. Kwa lenzi pana kama ile, fremu moja inafunika kama mita 90 kwa 50, na pikseli moja inakaribia sentimita mbili na nusu za ardhi. Jani moja moja hulioni vizuri, ila tawi unaliona. Video nzima haikufika dakika kumi.

Kuna mambo mawili kwenye kamera ambayo yakikosewa ramani haifai, hata ikionekana nzuri. La kwanza, funga mizani ya rangi na mwangaza, usiache kamera ijirekebishe yenyewe. Ikiachwa, itapita juu ya majivu meusi iongeze mwanga, ikifika kwenye majani ipunguze, na mkorosho uleule utaonekana na rangi mbili kwenye mistari miwili ya kurusha. Kulijua tatizo hilo ni rahisi: ramani inakuwa na michirizi iliyonyooka inayofuata njia ya droni. Ugonjwa haunyooki hivyo, wala moto. La pili, washa manukuu ya video ili droni iandike faili la .SRT lenye mahali ilipokuwa kila wakati. Fremu za video hazibebi mahali ndani yake kama picha za kawaida. WebODM inapokea video pamoja na faili hilo, mradi majina yake yafanane. Bila .SRT utapata picha iliyoungana vizuri, lakini haijui iko wapi wala mita moja ni ndefu kiasi gani.

Tulirusha saa nne asubuhi. Mchana kamili vivuli vingekuwa vifupi zaidi, lakini mwezi wa Julai kusi inavuma, na matawi yakiyumba programu inashindwa kuamua ncha ya tawi iko wapi. Kingo za mikorosho zinatoka zimechanika. Kwetu zilichanika upande mmoja tu wa shamba.

WebODM ina usumbufu siku ya kuiweka, kwa sababu inaendeshwa ndani ya programu nyingine iitwayo Docker na kupakua kila kitu kunakula bando la kutosha. Ikishakaa kwenye kompyuta haihitaji tena intaneti, na kwa huku kwetu hilo ndilo lililonifanya niichague. Kompyuta yangu ina memori ya GB 16. Niliiachia kazi jioni, asubuhi nikakuta imemaliza. Kabla ya kuianzisha, ingia kwenye mipangilio uwashe `dsm` na `dtm`. Ya kwanza ni ramani ya urefu wa vitu vyote pamoja na miti, ya pili ni ya ardhi peke yake. Wengi huziacha kwa sababu wanataka picha tu, lakini kwa mikorosho ndizo zinazookoa kazi. Katikati ya mistari kuna nyasi kavu, majivu na udongo, na ukipima rangi ya shamba zima kwa pamoja unapima nyasi kuliko korosho. Ndani ya QGIS, kwenye kikokotoo cha rasta, niliandika hivi kubakiza kilicho juu ya mita mbili tu:

```
("dsm@1" - "dtm@1") > 2
```

Shamba letu lina nafasi, kwa hiyo ardhi inaonekana kati ya mti na mti. Kwenye shamba la zamani ambalo matawi yameshikana, programu inakisia ardhi ilipo, na ikikisia vibaya inakuta miti mifupi kuliko ilivyo. Hapo hesabu hii usiitegemee.

Kipimo cha rangi nilichotumia ni GLI. Kinauliza tu kijani kimezidi nyekundu na bluu kwa kiasi gani:

```
(2*"odm_orthophoto@2" - "odm_orthophoto@1" - "odm_orthophoto@3") / (2*"odm_orthophoto@2" + "odm_orthophoto@1" + "odm_orthophoto@3")
```

Chukua pikseli moja ya mkorosho mzima: nyekundu 84, kijani 112, bluu 62. Juu unapata 78, chini 370, jibu 0.21. Pikseli ya jani lililobabuka na moto ilikuwa 132, 112 na 92. Juu inabaki sifuri, na jibu ni sifuri. Tofauti hiyo ni kubwa, na kwa hesabu hiyo mikorosho 31 ilitoka na wastani wa chini ya 0.08. Nikaipaka nyekundu, nikachapisha ramani, nikaipeleka shambani.

Mzee jirani aliishika ramani, akatembea nayo moja kwa moja hadi kwenye mti uliopakwa nyekundu upande wa mashariki, mbali kabisa na njia ya moto. Akasema, "Mwanangu, karatasi yako inasema huu umeungua. Mimi nauona unachipua."

Na kweli ulikuwa unachipua. Kila mwenye mkorosho anajua kwamba majani machanga hayatoki kijani. Yanatoka na wekundu wa shaba, laini, yanang'aa, na msimu wa kuchipua ni huohuo wa moto wa kuandaa mashamba. Nilirudi kwenye picha nikapima jani hilo: 138, 112, 78. GLI yake ni 0.02. Kwa kipimo hiki, mti wenye afya kuliko yote shambani na mti uliokufa ni kitu kimoja. VARI, ambayo nayo inalinganisha kijani na nyekundu, inaangukia pale pale. Haya huyakuti kwenye mafunzo mengi ya droni, kwa sababu mengi yanatumia mahindi na ngano, ambayo hayachipui mekundu.

Jibu lilikuwa kuacha wastani na kuangalia namna rangi zilivyotawanyika ndani ya mti mmoja. Mkorosho unaochipua una mabaka: ncha nyekundu, na katikati yake majani ya zamani ya kijani kizito. Mkorosho ulioungua hauna kijani popote. Kwa hiyo nilitengeneza rasta nyingine ya ndiyo na hapana:

```
"gli@1" > 0.1
```

Ile 0.1 niliipata kwa kupima mikorosho michache ambayo sote watatu tulikubaliana ni mizima, na mingine tuliyokubaliana imeungua. Shamba jingine, saa nyingine au kamera nyingine itatoa namba nyingine, kwa hiyo usiichukue hii yangu. Kisha nikachora duara la mita nne juu ya kila mti na kutumia takwimu za kanda za QGIS, nikihesabu tu pikseli zilizopita kile kichujio cha urefu. Wastani wa sifuri na moja ni sehemu ya mti iliyo kijani. Mti aliotuonyesha mzee ulitoka na asilimia 46. Mikorosho ya kwenye njia ya moto ilikuwa chini ya asilimia 10. Kati ya ile 31, mikorosho 18 ilibaki ya kuungua, na 13 ilikuwa inachipua. Tuliizunguka yote kwa miguu na hakuna aliyebisha.

Namba 18 nayo haikuwa ya mwisho. Moto wa nyasi unapita chini, unachoma gome, na jani la juu linaweza kubaki kijani kwa siku nyingi wakati shina limeshaumia. Droni inaona kichwa cha mti, haioni kiuno. Tulirudi kurusha baada ya kama wiki mbili, urefu uleule, saa ileile, kamera imefungwa vilevile, na mikorosho mitano zaidi iliyokuwa kijani ikawa imegeuka kahawia. Yote mitano iko kando ya ile 18. Anayekadiria hasara ya moto kwa kurusha mara moja, siku ya pili yake, anampunja aliyeunguliwa.

Watu wameniuliza kama njia hii itawaonyesha ugonjwa wa ubwiriunga mapema. Kwa nilivyoona, hapana. Ule unga unakaa kwenye maua na machipukizi, na ua zima la mkorosho nalo ni jeupe jeupe. Kwa pikseli ya sentimita mbili na nusu huwezi kuvitenganisha. Maua yakishakuwa meusi ndiyo unayaona kutoka juu, na wakati huo salfa ilitakiwa iwe imeshapulizwa zamani. Ubwiriunga unataka mtu apite chini ya mti na kuinua tawi. Pia mikorosho iliyo kando ya barabara ya vumbi inatoka na alama ya chini kwa sababu ya udongo mwekundu juu ya majani. Kwetu ilipungua hadi asilimia 60 hivi za kijani, haikufika kwenye kundi la mikorosho iliyoungua, lakini anayepanga kizingiti kwa papara ataiweka humo.

Kwa hasara inayoua jani zima, kama moto, njia hii imenitosha, na gharama yake ilikuwa ya kumlipa kijana wa droni na bando la siku ya kwanza. Kwa mtendaji tulipeleka ramani mbili, ya kwanza na ya pili, kila mti una namba yake, pamoja na video yenyewe ambayo haijaguswa. Wazee walikubaliana juu ya mikorosho 23. Bei ya mkorosho mmoja bado wanaizungumza.