GIMP na mchoro wa wino: uzoefu wangu na picha ya Kunduchi

Niseme mapema ili mtu asipoteze bando lake: GIMP, programu ya kuhariri picha kwenye kompyuta, haina kitufe cha kubonyeza mara moja kikakupa mchoro wa wino wa Kichina au Kijapani. Programu za simu zenye kitufe cha namna hiyo nimezijaribu, na nilizokutana nazo zina tabia moja. Zinapaka alama za brashi kila kona, anga limo, maji yamo, mchanga umo. Michoro yenyewe inakwenda kinyume kabisa. Mtazame Hasegawa Tohaku, Mjapani wa karne ya 16, na misonobari yake iliyo kwenye makumbusho ya taifa ya Tokyo: sehemu kubwa ya karatasi haijaguswa, na ukungu unaouona kati ya miti ni karatasi tupu. Kwa hiyo kazi kubwa hapa ni kufuta, na kwa kufuta GIMP ni hodari. Tena ni ya bure.

Picha niliyoifanyia kazi niliipiga kwa simu pale Kunduchi, ufukweni Dar es Salaam, asubuhi, jua halijawa kali. Mbele kuna ngalawa moja imekaa mchangani, kushoto kuna mikoko, na mbali kabisa Kisiwa cha Mbudya kimelala kama mstari. Nimeichagua kwa sababu ina vitu vitatu vilivyopishana umbali, maana mchoro wa wino husomeka kwa umbali: cha karibu wino mzito, cha kati wino uliozimuliwa, cha mbali maji yenye rangi kidogo tu. Picha ya mtaa wa Kariakoo, yenye kila kitu karibu, haitakupa hicho hata ukeshe.

Hatua iliyonipa faida kuliko zote ni ya kuondoa rangi. Wengi huchukua Desaturate ya kawaida, wanapata kijivu kilekile anga na bahari. Mimi naenda Colors > Desaturate > Mono Mixer, nyekundu naiweka 0, kijani 0.2, bluu 0.8. Sababu ni kwamba ukungu mwepesi wa hewani huonekana zaidi kwenye mwanga wa bluu. Ukiitegemea bluu, anga linakuwa jeupe, maji yanafifia, Mbudya inarudi nyuma, na mikoko, ambayo majani yake yana bluu kidogo, inageuka nyeusi tii. Tayari una daraja tatu za wino na hujagusa brashi. Ubaya wake ni kwamba kwenye picha za simu bluu ndiyo yenye chembechembe nyingi, ila hatua ya baadaye inazimeza. Mchanga nao unakuwa mzito kuliko unavyotaka, lakini huo tutaufuta.

Kabla ya kugusa Curves, nenda Image > Precision, au Encoding kwenye matoleo mapya, uchague biti 16. Ukiacha 8 halafu ukavuta mwanga kwa nguvu, anga litakatika mistarimistari kama ngazi, na wino uliozimuliwa vizuri hauna ngazi. Kisha vuta upande wa mwanga mpaka anga lote liwe jeupe kabisa. Mbudya isifuate huko. Mimi niliiacha kwenye kijivu cha 200 hivi, ukihesabu 0 nyeusi na 255 nyeupe, na chini nitaeleza kwa nini.

Sasa kulainisha. Filters > Blur > Median Blur ndiyo inayogeuza majani elfu moja ya mikoko kuwa mabaka machache. Kwa picha yenye upana wa pikseli 3000 hivi, kipimo cha 12 kinatosha. Lakini tazama mlingoti wa ngalawa: haupo! Filta hii inapofika kwenye nukta huangalia majirani zake na kuchukua thamani ya katikati, na mstari mwembamba siku zote ni wachache kati ya majirani. Foromali, ule mti unaobeba tanga, inaondoka, na miti inayoshika matengo ya ubavuni inaondoka nayo. Dawa ni kuinakili leya mara mbili: ya chini ilainishwe kwa 12, ya juu kwa 3 tu, kisha ya juu uiwekee Layer Mask nyeusi, yaani kifuniko kinachoificha leya, na kuifungua kwa brashi nyeupe pale palipo na ngalawa peke yake.

Layer Mask ndiyo inayofanya pia kazi ya kufuta. Chini ya zote naweka leya yenye rangi ya karatasi, f4f0e6, na leya za wino naziunganisha kuwa moja, naiweka hali ya Multiply, kisha naipa Layer Mask mpya nyeupe. Nachukua brashi laini kubwa, rangi nyeusi, Opacity 20, naanza kuficha. Mchanga ulitoka wote, mawimbi yakatoka, ngalawa mbili za nyuma zikatoka, chupa za plastiki (bila shaka zilikuwepo) zikatoka. Chini ya mikoko nilififisha taratibu mpaka mizizi ikapotea kwenye weupe, basi ukungu ukawa umepatikana. Hapa mkono usiwe na huruma. Theluthi mbili za karatasi yangu zilibaki tupu, na bado rafiki mmoja aliyeiona aliniambia, "Kaka, ile ngalawa iko majini au nchi kavu?" Swali zuri. Sikurudisha mchanga.

Utajuaje kama imekubali? Kunja macho mpaka uone kwa kufifia. Ukiona sehemu moja nzito na nyingine zote zinaifuata kwa kupungua, umefika. Ukiona weusi umetapakaa sawa pande zote, bado una picha ya mnato isiyo na rangi. Angalia pia ukingo wa mikoko: ukiona mstari mweupe unaong'aa umeizunguka, ujue ni simu iliyonoa picha ilipopiga, na huo inabidi uufute kwa mkono.

GIMP inaponichosha ni kwenye mapigo ya brashi. Kwa mausi huwezi kubonyeza kwa nguvu au kwa wepesi, hivyo mstari unatoka na unene mmoja kama waya. Njia ninayotumia ni kuchora njia ya mlingoti kwa Paths, kisha Stroke Path kwa brashi, nikiwa nimeweka alama kwenye Emulate brush dynamics. Mstari unaanza mwembamba, unanenepa, unaisha mwembamba. Niliongeza mapigo machache tu: mlingoti, foromali, tumbo la ngalawa. Ila wino halisi unaponywewa na karatasi husambaa wenyewe pembeni, na hilo hapa hulipati kwa urahisi. Anayelitaka anunue brashi na wino.

Kuchapa kuna visa vyake. Duka la kwanza nililokwenda, huko Posta, walinitolea kwenye karatasi ya kung'aa, mashine ikiwa imewashwa ile ya kuboresha picha yenyewe, na Mbudya yangu ikayeyuka. Waambie wazime hiyo, na uombe karatasi isiyong'aa. Ile leya ya rangi ya karatasi uizime kabla ya kuhamisha faili, utafute karatasi yenyewe ya rangi ya maziwa. Vinginevyo mashine itanyunyiza vitone vya njano kwenye nafasi yote uliyohangaika kuiacha tupu. Halafu lipia kwanza kipande kidogo chenye kisiwa peke yake. Kwenye mashine niliyotumia baadaye, kijivu cha 230 hakikuonekana kabisa na cha 200 kilitoka vizuri. Ya kwenu inaweza kuwa tofauti, kwa hiyo kipande hicho usikiruke hata fundi akikuhakikishia.