TAHADHARI: Bando la "GB 12 kwa 15,000, okoa 41%" hamna punguzo la kweli

Kuna tangazo linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: GB 12 za siku 7 kwa shilingi 15,000, "thamani yake 25,600, unaokoa 41%". Kabla hujatuma hela, muulize muuzaji swali moja tu: kati ya hizo 12, za muda wote ni ngapi?

Jibu lake ni hili: GB 5 za muda wote, GB 5 za usiku (saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi), na GB 2 za YouTube peke yake. Kwenye bango haya yameandikwa chini kabisa, kwa herufi za kutafuta na tochi.

Sasa shika kikokotoo. GB moja ni MB 1,024, kwa hiyo GB 5 ni MB 5,120. Gawa 15,000 kwa 5,120, unapata shilingi 2.93 kwa MB. Ukifungua menyu ya mtandao huohuo, bando la kawaida la siku 7 ni GB 5 kwa 10,000, yaani shilingi 1.95 kwa MB. Mtu anayelala usiku na asiyeshinda YouTube ameongeza 5,000 kwa intaneti ileile.

Na ile 25,600 imetoka wapi? Wamechukua bando dogo la siku, MB 480 kwa 1,000, ambalo ni shilingi 2.08 kwa MB, wakazidisha kwa MB 12,288 za GB zote 12. Hesabu yenyewe haina kosa. Ujanja uko kwenye kulinganisha bando la wiki na la siku, halafu MB ya saa 9 usiku wakaipa bei ya MB ya mchana. Nani alikuwa anataka kununua GB 12 kwa mabando ya siku?

Tusimwonee, kuna anayefaidika. Kwa 1.95, shilingi 15,000 inanunua MB 7,680. Ukitoa 5,120 za muda wote, zinabaki 2,560. Basi ukimaliza zaidi ya GB 2.5 za usiku na YouTube ndani ya wiki, umepata nafuu. Chini ya hapo ni hasara.

Kujua uko upande gani, fungua matumizi ya data kwenye mipangilio ya simu ikigonga saa 6 usiku, andika namba, uangalie tena saa 12 asubuhi. Soma data ya laini, usichanganye na Wi-Fi. Fanya hivyo siku tatu, chukua wastani, zidisha kwa 7. YouTube ina mstari wake kwenye orodha ya programu hapohapo. Hesabu ya mchana tu, kwani ya usiku tayari imo kwenye ile namba ya kwanza, na ikizidi GB 2 iandike kama 2. Jumlisha na ile ya usiku, kisha linganisha na zile GB 2.5.

Akikataa kukutajia mgawanyo wa GB, usimtumie hela.