Uzoefu wangu: mtandao pacha wa neva katika kuhakiki saini

Natumia mtandao pacha, yaani programu inayojifunza kwa mifano na kupitisha picha mbili kwenye hesabu zilezile ili kuzilinganisha, kuhakiki saini kwenye fomu za kutoa akiba, katika chama cha akiba na mikopo hapa Nairobi. Nimeridhika nao, ila ubora wake wote unategemea saini ulizoufunzia.

Kadi ya mwanachama ina saini tano tu za mfano. Mtandao huu haukariri saini ya mtu fulani. Hujifunza kupima umbali kati ya saini mbili zozote, kwa hiyo mwanachama mpya akijiunga huna haja ya kuufunza upya. Wakati wa kuufunza hupewa picha tatutatu: saini ya msingi, nyingine ya mtu yuleyule, na ya tatu isiyo yake. Hiyo ya tatu inatakiwa ikae mbali kuliko ya pili, kwa pengo unalolipanga mwenyewe. Kwenye PyTorch, maktaba ya Python, hasara hiyo, yaani kipimo cha kosa la mtandao, ni mstari mmoja:

```python
hasara = nn.TripletMarginLoss(margin=1.0)
```

Kazi yenyewe iko kwenye picha ya tatu. Tuseme saini mbili za mama mmoja ziko umbali wa 0.4. Ukimwekea saini ya jirani yake isiyofanana kabisa, yenye umbali wa 1.7, hesabu ni 0.4 − 1.7 + 1.0, yaani −0.3. Ikiwa chini ya sifuri, hasara huhesabiwa 0 na mtandao haujifunzi kitu. Utaiona hasara ikishuka haraka na kutulia, lakini mtu aliyefanya mazoezi ya kuiga saini atapita tu. Badala yake weka saini iliyoghushiwa kwa ustadi, yenye umbali wa 0.6: hasara inakuwa 0.8, na sasa mtandao unalazimika kutazama mahali kalamu iliposita na wino ukakolea. Mimi nilitumia mkusanyiko wa CEDAR, wenye watu 55, kila mmoja na saini 24 halisi na 24 za kughushi. Watu wa kupimia usiwachanganye na wa kufunzia, la sivyo matokeo yatakudanganya.

Kasoro niliyoiona ni kwenye kizingiti, yaani umbali ambao saini ikiuvuka inatiliwa shaka. Saini tano hutoa jozi kumi, na umbali wa jozi hizo ndio unaoonyesha saini ya mwanachama hubadilika kiasi gani. Lakini zote tano zilitiwa kwa dakika moja, kwenye meza moja, kwa hiyo zinafanana kupita kiasi. Mzee mmoja alikuwa akikataliwa kila mara mpaka keshia akasema, "Huyu namjua, mkono umeanza kumtetemeka, saini ni yake." Tangu hapo kila saini iliyothibitishwa kwa kitambulisho kaunta tunaiongeza kwenye mifano yake, na mzee anapita. Inayovuka kizingiti hatuikatai moja kwa moja. Karani anaiweka kando ya kadi na kumpigia mwenyewe simu kabla pesa hazijatoka.