Mji wangu ulijaa mafuvu: uzoefu wangu na Cities: Skylines

Nilikusudia kuandika mistari mitatu tu, nitoe nyota moja, kisha nilale. Hasira imepungua tangu siku ile, lakini haijaisha, kwa hiyo msomaji anivumilie pale itakapopanda tena.

Niliinunua Cities: Skylines, gemu ya kujenga mji iliyotoka mwaka 2015, kwa sababu vidole vyangu ni vizito. Katika gemu za mpira, mpwa wangu hunifunga mabao matano huku akila karanga. Hii niliambiwa haina papara: ukibonyeza kitufe cha nafasi kila kitu kinasimama, nawe unachora barabara zako kwa raha zako, unavuta umeme na maji, kisha unaruhusu saa iendelee. Maelezo hayo yalikuwa ya kweli kabisa, na ndiyo maana mji ulipoanza kufa mbele ya macho yangu nilijiona nimetapeliwa.

Chini ya skrini kuna mistari mitatu inayoonyesha mahitaji: wa kijani kwa makazi, wa buluu kwa maduka, wa njano kwa viwanda na ofisi. Jioni moja mwishoni mwa masika mstari wa kijani ulijaa hadi juu. Mimi, kama mwenye duka aliyeona foleni mlangoni, nilipaka rangi ya makazi mitaa yote iliyokuwa wazi kwa mkupuo mmoja. Nyumba zikaota, magari ya wahamiaji yakamiminika kutoka barabara kuu, na kutoka wakazi elfu tatu nikafika karibu elfu tisa katika kikao kimoja. Kodi iliingia vizuri. Nilijenga shule mbili na bustani, nikamwita mke wangu aje aone.

Jioni chache baadaye likatokea fuvu juu ya paa la nyumba moja. Fuvu lina maana kwamba ndani kuna maiti inayosubiri gari. Halikunishtua, kwani nilikuwa na makaburi. Kabla sijamaliza chai yalikuwa mafuvu kumi, kisha mtaa mzima, kisha mitaa yote ile niliyoipaka rangi siku moja. Nikaitafuta sababu kama daktari aliyechanganyikiwa: nikakagua maji kama yamechafuliwa, nikaongeza hospitali, nikasogeza bomba la majitaka. Maji yalikuwa safi. Nikajenga matanuru matatu ya kuchomea maiti, yote kwenye barabara moja kwa kuwa ndipo palipokuwa na nafasi, na nikapandisha bajeti ya afya hadi asilimia 150 ili magari yaongezeke. Magari yakaongezeka kweli, yakatoka yote kwa pamoja, yakakwama kwenye makutano yaleyale yanayopitiwa na malori ya taka na ya viwanda. Nilisogeza kamera karibu nikahesabu magari ya maiti kumi na moja yamepanga foleni nyuma ya lori la magogo. Nyumba ambayo maiti yake haichukuliwi kwa muda mrefu huachwa tupu, na nyumba tupu hailipi kodi. Nikachukua mkopo.

Baada ya hapo mafuvu yakaisha ghafla, mji ukabaki na watu wachache, na mstari wa kijani ukajaa tena. Nadhani msomaji amekwisha kujua nilichofanya. Nilibomoa nyumba zilizoachwa, zikaota mpya zote pamoja, na kwa kuwa matanuru yalikuwa yamekaa bure yakila fedha, nikayafunga mawili. Muda ukapita, mafuvu yakarudi, safari hii nikiwa na tanuru moja na deni.

Ni mpwa wangu aliyenieleza, na hakunieleza kwa adabu. Alitazama skrini kwa muda mfupi kuliko unaotosha kusema shikamoo, akacheka, akasema, "Mjomba, mji wako hauumwi. Hawa watu wamekuja siku moja, wana umri mmoja, unataka wafe lini?"

Niliudhika, kisha nikafungua dirisha la wakazi lenye chati ya umri. Kipande cha wazee kilikuwa kinene kuliko vyote, na watoto walikuwa kama uzi. Raia wa gemu hii huishi kama miaka 6 ya kalenda yake, na wanaohamia katika nyumba mpya huwa hasa vijana na watu wazima wa rika moja. Ukifungua makazi elfu moja kwa siku moja, umepanga maziko elfu moja ya siku moja, ingawa utayaona baada ya saa nyingi za kucheza, wakati umekwisha kusahau ulichofanya. Tena wanaoingia kuziba pengo nao ni rika moja, kwa hiyo wimbi la kwanza huzaa la pili. Haraka yangu yote ya kuzima moto ilikuwa ikipanga moto mwingine.

Kwa hiyo nilianza upya. Sasa napaka vipande vidogo, nyumba kumi au kumi na tano, naacha miezi kadhaa ya gemu ipite ndipo niongeze, na mstari wa kijani ukijaa nauacha ujae. Huo ndio ugumu wenyewe, maana mkono unawasha. Tanuru la kwanza nalijenga kabla fuvu lolote halijaonekana, la pili upande mwingine wa mji, kila moja kwenye barabara ambayo malori ya viwanda hayapiti, na siyafungi yanapokaa bure. Kila ninapotaka kupanua mji hutazama kwanza chati ya umri: ikiwa wazee wameanza kunenepa, fedha zangu zinakwenda kwenye magari ya maiti na makutano, mitaa mipya inasubiri. Mawimbi hayajatoweka kabisa, ila yamekuwa viwimbi ambavyo mji unavimudu.

Mpwa huyo aliniingiza pia katika Crusader Kings III, ambako unatawala ukoo badala ya mji, nikakuta kisa kilekile kimevaa taji. Ukianza mwaka 867, kwa kawaida ardhi ya mfalme akifa hugawanywa kati ya watoto wake, na mchezaji anayeanza kuhangaika baba akiwa amekwisha kufa hana tena la kufanya ila kupigana na ndugu zake. Mrithi hutengenezwa miaka thelathini kabla, kwa ndoa, kwa sheria za urithi, na kwa kujua ni ngome ipi itamwangukia nani. Kasi ya kipanya haina kazi hapo.

Je, naipendekeza Cities: Skylines kwa anayeanza? Ndiyo, nyota nne. Nikikumbuka kwamba mstari ule wa kijani unakuita ujenge bila kukuonya hata kwa neno moja juu ya umri, narudi kwenye mbili, kwa sababu mgeni atajuaje afungue chati ambayo hakuna aliyemwambia aitazame? Lakini kama ungenionya, nisingeamini, ningepaka tu. Tuseme tatu, na nusu moja ni ya mpwa.

Ninapoandika haya mstari umejaa tena. Nina fedha za kutosha mitaa minne. Nimepaka nyumba kumi na mbili, nimerudisha spidi ya kwanza, na gari moja la maiti linavuka daraja taratibu, barabara ikiwa wazi mbele yake.